Miaka 30 kwa simu na kisu: kulinganisha sheria nne za kima cha chini cha adhabu

Anayetaka kutoa maoni kuhusu muswada wa adhabu aanze na vitenzi. Sheria ikisema mtu "atawajibika kwa kifungo kisichozidi miaka 14", imeweka dari: hakimu anaweza kushuka chini yake mpaka faini au kifungo cha nje, kama kosa lenyewe linaruhusu. Ikisema "kifungo kisichopungua miaka 30", imeweka sakafu, na hakimu anaweza kupanda lakini hawezi kushuka. Ikisema "atahukumiwa kunyongwa hadi kufa", hakuna dari wala sakafu, ni adhabu moja tu. Maneno haya yanafanana machoni na yanatofautiana sana gerezani. Katika mijadala mingi yanachanganywa, watu wakabishana juu ya ukali wa adhabu wakati jambo hasa ni nani amepewa nafasi ya kuipima.

Tulinganishe kwa kosa moja. Kijana wa miaka 19, hajawahi kutiwa hatiani. Saa moja usiku anamsimamisha mwanamke karibu na kituo cha daladala, anamwonyesha kisu cha jikoni, anachukua simu ya shilingi 180,000 na kukimbia. Hakumgusa. Watu wanamkamata baada ya hatua chache, simu inarudi kwa mwenyewe, na mahakamani anakiri. Mfano huu tumeutunga, lakini hauna kitu ambacho karani wa mahakama ya wilaya hajakiona.

| Nchi | Sheria inavyosema kwa kosa hili | Nani anapima |
|---|---|---|
| Tanzania | Kifungo kisichopungua miaka 30, viboko vinaweza kuongezwa | Hakimu, kuanzia 30 kwenda juu tu |
| Kenya | Kifo | Hakimu hapimi. Anayeandika shtaka ndiye anayepima |
| Afrika Kusini | Miaka 15 kwa mkosaji wa mara ya kwanza, isipokuwa kuna sababu nzito na za kushawishi | Hakimu, akiandika sababu |
| Uganda | Dari ni kifo. Mwongozo unaanzia miaka 35 | Jaji, akiongozwa lakini bila kufungwa |

Tanzania ndiyo mfano ulio wazi zaidi wa sakafu iliyofungwa. Kwa namba za toleo la sheria la 2022, unyang'anyi wa kutumia silaha uko kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba kitu kiliibwa, kwamba mwizi alikuwa na silaha au chombo cha hatari, na kwamba alitumia nguvu au alimtishia mtu ili akipate au abaki nacho. Kijana wetu ameyatimiza yote. Baada ya kutiwa hatiani hatua inayofuata ipo kama kawaida: mwendesha mashtaka anaeleza kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma, mshtakiwa anaulizwa ana lipi la kusema kabla ya adhabu. Anasema ni kosa la kwanza, amekiri, simu imerudi. Hakimu anayaandika yote hayo, kisha anatoa miaka 30, kwa kuwa sheria haikumpa mahali pa kuyaweka. Kijana atakuwa na miaka 49 kifungo kikitimia chote.

Kuna jambo dogo linaloonyesha jinsi sakafu inavyopindua mambo. Kwa kawaida hakimu wa mahakama ya wilaya nchini Tanzania hatoi kifungo kinachozidi miaka 5. Kosa zito zaidi hupelekwa kwingine au adhabu yake huhitaji kuthibitishwa. Lakini kosa likiwa ndani ya sheria ya kima cha chini, hakimu huyohuyo anapewa uwezo wa kutoa kima chote. Afisa ambaye sheria haikumwamini kupima miaka 6 inamruhusu kutoa 30, mradi asipime.

Sasa chukua kosa la pili. Watu wazima wanne wenye mapanga wanavamia kibanda cha wakala wa fedha za simu, wanamkata mkono, wanaondoka na milioni kadhaa. Sakafu yao ni ileile miaka 30. Ni kweli hakimu anaweza kuwapandisha juu zaidi ya kijana wa simu. Lakini sakafu ikishakuwa miaka 30, nafasi iliyobaki juu yake ni finyu kuliko tofauti ya makosa yenyewe. Hili ndilo doa la kwanza la uwiano: adhabu haiwezi tena kusema kwamba kosa hili ni baya mara nyingi kuliko lile.

Doa la pili linaonekana ukitoka nje ya kifungu. Kuua bila kukusudia nchini Tanzania kuna dari ya kifungo cha maisha, lakini hakuna sakafu. Aliyempiga mwenzake ngumi katika ugomvi wa baa, mwenzake akaanguka na kufa, anaweza kupata miaka michache jaji akiona hivyo, na mara nyingine inastahili. Aliyeonyesha kisu bila kumgusa mtu hawezi kupata chini ya 30. Kila kifungu ukikisoma peke yake kinaeleweka. Vikiwekwa pamoja, sheria inaonekana inaipima simu kuwa nzito kuliko uhai, jambo ambalo hakuna mbunge aliyewahi kusimama bungeni kulitetea. Lilitokea kwa sababu vifungu vilipandishwa kimoja kimoja, kila kimoja kwa hasira ya wakati wake.

Doa la tatu ni siku ya kuzaliwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo, hata sheria nyingine isemeje. Kijana mwenye miaka 17 na miezi 11 hatafungwa gerezani kwa kosa hili. Akiwa na miaka 18 na siku moja, ni miaka 30. Mpaka wa umri lazima uwepo mahali fulani. Tatizo ni kwamba upande mmoja wake hakuna ngazi, kuna korongo. Ndiyo maana katika kesi hizi cheti cha kuzaliwa kinaweza kugombaniwa kuliko ushahidi wa kosa lenyewe.

Tanzania haikuwa hivi tangu mwanzo. Sheria ya kwanza ya viwango vya chini, ya 1963, ilikuwa kali kwa namna yake: kifungo cha angalau miaka 2 na viboko 24, 12 wakati wa kuingia gerezani na 12 wakati wa kutoka. Lakini iliacha mlango. Kama mkosaji ni wa mara ya kwanza, thamani ya mali haizidi shilingi 100, na kuna mazingira maalumu, mahakama iliweza kushuka. Mlango huo ulikuwa na kasoro inayofaa kukumbukwa na kila anayeandika sheria: uliwekwa kwa kiasi cha pesa. Mali ya shilingi 99 na mali ya shilingi 101 zilikuwa katika dunia mbili, na thamani ya shilingi yenyewe hushuka mwaka hata mwaka huku namba kwenye sheria ikibaki ileile. Mlango wa namna hiyo hujifunga wenyewe bila Bunge kupiga kura.

Kenya, kwa kosa hili, haina sakafu bali ina adhabu moja. Kifungu cha 296(1) cha Kanuni ya Adhabu kinashughulikia wizi wa mabavu wa kawaida: dari ni miaka 14, hakuna kima cha chini. Kifungu cha 296(2) kinasema atahukumiwa kifo, na kinaingia kukiwa na lolote kati ya mambo matatu: silaha ya hatari, au kuwa na mwenzake mmoja au zaidi, au kumjeruhi au kumpiga mtu. Jambo moja latosha. Kwa hiyo vijana wawili wasio na hata fimbo, wakimnyang'anya mtu simu kwa kumsukuma, wanaweza kushtakiwa chini ya 296(2) kwa sababu tu walikuwa wawili.

Hapa ndipo swali la hiari ya hakimu linapoonekana vizuri. Watu husema sheria za namna hii huondoa hiari. Haziondoi, huihamisha. Tazama hati ya mashtaka. Ofisa akiandika "akiwa amejihami kwa silaha hatari, yaani kisu", adhabu ni kifo. Akiacha maneno hayo na kushtaki chini ya 296(1), hakimu ana nafasi kuanzia adhabu nyepesi hadi miaka 14. Umbali wote huo unaamuliwa na sentensi moja, inayoandikwa ofisini, bila mshtakiwa kusikilizwa, bila sababu kutolewa, na bila rufaa juu ya uchaguzi wenyewe. Hakimu akikosea adhabu, mahakama ya juu inasoma sababu zake na kusahihisha. Mwandishi wa shtaka akikosea, hakuna mahali alipoandika kwa nini. Hata makubaliano ya kukiri kosa, ambayo Kenya inayaruhusu katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, hubadilika sura: mwenye shtaka la kifo mbele yake atakubali karibu chochote anachopewa, awe ametenda au hakutenda.

Mwaka 2016 majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Kenya walisema vifungu hivi vya wizi wa mabavu havitenganishi kwa uwazi wa kutosha ngazi za uzito wa kosa. Kisha, tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ikaamua katika kesi ya Muruatetu kwamba adhabu ya lazima ya kifo kwa mauaji ni kinyume cha Katiba. Hoja yake ilikuwa ni kesi ya haki: kumsikiliza mtu kabla ya adhabu ni sehemu ya kesi, na hakuna maana kumsikiliza mtu ambaye adhabu yake imeshaandikwa. Mahakama haikufuta kifo chenyewe, ilifuta ulazima. Mahakama za chini zikaanza kuitumia hoja hiyo kwa wizi wa mabavu na kwa makosa ya ngono, kila moja kwa kipimo chake. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo: uamuzi ule ulihusu mauaji tu, makosa mengine yanahitaji kesi zake.

Mwaka 2024 ikaenda mbele zaidi, katika rufaa kuhusu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006. Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshusha kifungo cha miaka 20, ambacho ndicho kima cha chini kwa kosa lile, hadi 15. Mahakama ya Juu ikairudisha 20, ikisema adhabu ya lazima na adhabu ya kima cha chini si kitu kimoja, kwamba kuweka kima ni kazi ya Bunge, na kwamba uhalali wa kifungu kile kikatiba haukuwa umefikishwa ipasavyo tangu mahakama za chini. Kisheria tofauti ile ni ya kweli. Lakini ukirudi kwa kijana wa kisu: nafasi ya kupanda tu ni nafasi ya kumwadhibu zaidi, na kwa mtu ambaye kila sababu yake inavuta chini, haina tofauti na adhabu moja.

Tuwe waadilifu kwa upande wa pili, maana hoja zake si nyepesi. Sheria ile ya 2006 ilitungwa kwa sababu waliowadhuru watoto walikuwa wakitoka na adhabu zisizolingana na madhara, kila mahakama na yake. Sakafu inamwambia mzazi kitu cha uhakika. Inapunguza pia soko la rushwa kwa hakimu, ingawa hapa pana ukomo: hakimu asiyeweza kuuza adhabu anaweza bado kuuza hatia, na polisi anaweza kuuza shtaka.

Afrika Kusini ilijaribu kuchukua uhakika huo bila kufunga mlango. Sheria yake, namba 105 ya 1997, ilianza kutumika Mei 1998 kama hatua ya muda ya miaka 2, ikaongezwa mara kwa mara, na mwishoni mwa 2007 ikafanywa ya kudumu. Kwa unyang'anyi wenye mazingira ya kuongeza uzito, na kisu kinatosha, ni miaka 15 kwa kosa la kwanza, 20 kwa la pili, 25 kwa la tatu na kuendelea. Ngazi hizi peke yake tayari zinamtenga kijana wetu na mhalifu sugu. Kisha kuna kifungu cha 51(3): mahakama ikiridhika kuwa kuna sababu nzito na za kushawishi, iziandike kwenye kumbukumbu, na inaweza kutoa adhabu pungufu.

Maneno "nzito na za kushawishi" ni mapana, na mwanzoni kila mahakama iliyasoma kivyake. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Malgas, ikayapa kipimo. Hakimu aanze na kima cha sheria kama adhabu ya kawaida, asikiache kwa sababu hafifu au kwa huruma isiyo na msingi. Lakini apime mambo yote kwa pamoja, yakiwemo ya kawaida kama umri na kukosa kumbukumbu ya makosa, na akiona kima hicho kingeleta udhalimu, kwa maana ya kutolingana na kosa, mkosaji na mahitaji ya jamii, ashuke. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba, katika kesi ya Dodo, ikakubali sheria hiyo kwa sababu mlango upo. Ilisema adhabu isiyolingana kupita kiasi na kosa humfanya binadamu kuwa chombo cha kufikia lengo la mwingine.

Kwa kijana wetu hesabu inakwenda hivi. Mahali pa kuanzia ni 15. Upande mmoja: kisu, usiku, hofu ya mwanamke aliyesimamishwa peke yake. Upande mwingine: miaka 19, kukiri, mali kurudi, hakuna jeraha, kosa la kwanza. Hakimu anaweza kushuka, na kiasi atakachoshuka kinategemea yeye, lakini lazima aandike kwa nini. Mwendesha mashtaka asiyeridhika ana njia ya kukata rufaa dhidi ya adhabu. Hapo ndipo uzuri wa mfumo ulipo: hiari imebaki, lakini imebaki mahali panaposomeka.

Kasoro yake ni kwamba mlango mpana hupitisha pia sababu mbaya. Katika kesi za ubakaji baadhi ya mahakimu walishuka kwa sababu mwanamke hakuwa na jeraha linaloonekana, au kwa sababu alimfahamu mshtakiwa. Bunge halikufunga mlango. Mwaka 2007 liliandika orodha ya sababu zisizokubalika kwa kosa hilo: maisha ya kimapenzi ya mwathirika, kukosekana kwa majeraha dhahiri, imani za kitamaduni au za dini za mshtakiwa kuhusu ubakaji, na uhusiano uliokuwepo kabla. Hili ndilo fundisho la uandishi wa sheria ambalo tungependa kuliona katika miswada ya kwetu. Badala ya kumnyang'anya hakimu mizani, mwambie vitu gani haviwekwi kwenye mizani.

Uganda imechukua njia ya nne, nasi tutaipitia haraka. Kifo bado ni dari ya unyang'anyi wa kutumia silaha ya kuua, lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Kigula, Januari 2009, adhabu ya kifo ya lazima haipo. Mwongozo wa adhabu wa 2013 unaweka mahali pa kuanzia, miaka 35, na mawanda ya kuanzia 30 hadi kifo. Namba ni kubwa, lakini ni mwongozo: jaji anaweza kutoka nje yake akieleza. Tena Katiba, ibara ya 23(8), inataka muda wa mahabusu uzingatiwe, na tangu 2017 Mahakama ya Juu imetaka utolewe kwa hesabu. Jaji akiona miaka 12 inafaa, na mtu amekaa rumande miaka 3, anabakiwa na 9. Udhaifu ni kwamba mwongozo usiofunga hutegemea nidhamu ya anayeutumia. Majaji wawili katika kesi zinazofanana wanaweza bado kuachana mbali.

Kwa unyang'anyi, sisi tungechagua muundo wa Afrika Kusini, wenye sakafu ya wastani inayopanda kwa anayerudia, na mlango wa maandishi. Sakafu iliyofungwa tungeikubali tu pale ambapo kosa limeelezwa kwa ufinyu kiasi kwamba tendo jepesi haliwezi kuingia ndani yake. Unyang'anyi si kosa la aina hiyo. Unameza kijana wa simu na genge la mapanga kwa maneno yaleyale. Kifungu cha mlango kinaweza kuandikwa kwa sentensi mbili:

"Mahakama ikiridhika kwamba kuna sababu nzito zinazofanya kima cha chini kisilingane na kosa na mkosaji, itaziandika sababu hizo katika mwenendo wa shauri na inaweza kutoa adhabu pungufu. Upande wowote usioridhika unaweza kukata rufaa dhidi ya adhabu hiyo."

Neno linalobeba mzigo hapo ni "itaziandika". Likigeuka kuwa "inaweza kuziandika", rufaa haina cha kusoma. Na kama mlango unatajwa kwa thamani ya mali, namba isiwekwe kwenye sheria yenyewe, maana itazeeka kama shilingi 100 za 1963.

Angalia pia kifungu cha mpito, ambacho miswada mingi hukisahau. Wanaotumikia tayari adhabu ya zamani wanakuwaje? Ibara ya 50(2)(p) ya Katiba ya Kenya inampa mtu adhabu iliyo nyepesi zaidi kama sheria imebadilika kati ya siku ya kosa na siku ya hukumu. Aliyehukumiwa jana haimsaidii. Uganda mwaka 2009 ilisema wazi: waliopewa kifo cha lazima na rufaa zao bado hazijaisha warudishwe Mahakama Kuu wasikilizwe juu ya adhabu. Kenya mwaka 2017 haikuwa na utaratibu wa namna hiyo ulio tayari, maombi ya kuhukumiwa upya yakamiminika mahakamani kwa makosa ya kila aina, na maelekezo ya kuyapanga yakaja baada ya zaidi ya miaka 3.